Kikao cha Dharura Kuhusu King'ora

Mwalimu mkuu wetu alikuwa na upara, na upara ule ulimsumbua kuliko matokeo ya mtihani. Nasema hivi kwa sababu ndio ulioanzisha mambo yote. Nilikuwa karani wa shule moja ya msingi huko Magarini, enzi za modemu zile za kuchomeka ubavuni mwa kompyuta. Siku hiyo alinikuta nasajili watahiniwa wa darasa la nane kwenye tovuti ya mtihani, akaniambia nimpishe kidogo, ana "utafiti" wa kufanya.

Utafiti wenyewe ulikuwa dawa ya kuotesha nywele. Nilimwona kwa macho yangu akibofya picha ya mzee mwenye nywele nyeusi tii kama za mtoto wa kuzaliwa.

Nilikuwa nimeshawasajili watoto wote thelathini na wanane na kuwatuma. Alibaki mtu mmoja, mpishi wetu. Mama huyu wa Kigiriama, mwenye wajukuu wanne, alikuwa kwa miaka miwili akiepua sufuria ya githeri, ananawa mikono, kisha anakwenda kuketi dawati la nyuma la darasa la nane. Alitaka kuufanya mtihani. Walimu walimcheka, nami nilimcheka kidogo, lakini picha yake na nakala ya kitambulisho zilikuwa mezani kwangu, na usajili ulifungwa siku hiyo saa kumi na moja jioni. Asiyeingia leo angengoja mwaka mzima.

Mara kompyuta ikalia king'ora. Kioo kizima kiligeuka chekundu, maandishi ya Kiingereza yakatangaza kwamba kompyuta imeshikwa na virusi hatari, siri zetu zinaibwa dakika hii, tusiizime wala kuifunga, tupige simu nambari ifuatayo upesi. Sauti ya mwanamke ikayarudia maneno hayohayo, ikimaliza inaanza upya. Mwalimu mkuu alirudisha kiti nyuma, akaficha mikono kwapani.

"Nani ameingiza virusi kwenye kompyuta ya serikali?" akauliza, akinitazama mimi.

Sasa niseme ukweli wangu. Niliijua hila ile. Nilikosomea kompyuta, kwenye saiba moja ya Malindi, duka la intaneti, iliwahi kutokea mbele yangu. Mwenye saiba hakuacha hata kutafuna karanga zake. Alisema ule ni ukurasa wa mtandao tu kama kurasa nyingine, umejitanua ukajaza kioo, haujapekua kitu wala hauwezi kuona faili hata moja. Akabonyeza vitufe vitatu, akaifunga programu ya mtandao, ukatoweka na makelele yake. Nami nilianza kumweleza mwalimu mkuu, "Samahani mwalimu, hii ni..." Akainua kiganja. Mimi nilikuwa wa kibarua, yeye ana cheti cha kompyuta cha wikendi mbili, kimetundikwa ukutani kwenye fremu. Nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa hodari sana.

Akaitisha kikao cha dharura. Msidhani natia chumvi. Walimu wanane walijazana ofisini, naibu akafungua kwa sala, akiomba ulinzi dhidi ya kila hila ya adui, huku adui mwenyewe akipiga king'ora nyuma yake. Nikapewa daftari la kumbukumbu. Ajenda ya kwanza, hali ya kompyuta. Ajenda ya pili, mengineyo. Tukabishana robo saa kama waliohudhuria waandikwe kwanza. Mwalimu wa dini alitoa pole kwa shule, naye mwalimu mkuu akaipokea kwa niaba ya kompyuta.

Ikapitishwa kwamba simu ipigwe. Aliyepokea alijiita fundi, akasema kwa upole kwamba Mungu ametupenda tumempigia mapema. Akamwelekeza mwalimu mkuu vitufe vya kubonyeza, kikafunguka kisanduku kidogo, akamwandikisha humo anwani ya tovuti, ili ipakuliwe programu itakayomwezesha yeye kuishika kompyuta yetu kutoka huko aliko. Hapo modemu yetu ikafanya kazi ya maana kuliko sote. Programu ikaanza kupakuliwa kwa mwendo wa kinyonga, ikasimama, ikasogea, ikasimama tena.

Fundi akachoka kungoja, akaingia kwenye malipo. Nendeni dukani, akasema, mnunue kadi, mkwangue, mnisomee nambari.

Alikuwa akitaka kadi za zawadi za huko kwao, ambazo mwenye nambari ndiye mwenye fedha. Lakini Magarini kadi ya kukwangua ni moja tu. Naibu alitumwa kioskini, akarudi na kadi za salio la simu, rundo zima, lililonunuliwa kwa fedha za chaki. Mwalimu mkuu akazikwangua kwa ukucha, akavaa miwani, akaanza kusoma tarakimu moja moja, kwa sauti ya imla. Kadi ya kwanza fundi aliandika. Ya pili akauliza ni kadi ya nini. Alipoelezwa, upole ukamwisha. Tulimsikia sote akifoka kwamba si hiyo, si hiyo. Mwalimu mkuu naye akapandisha sauti, "Hii ni kadi halali, bwana! Imenunuliwa leo!" Walimu wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Nami nikaandika kwenye daftari: mazungumzo yanaendelea vizuri.

Ilikuwa saa kumi na robo mpishi alipoingia na birika la chai. Aliweka vikombe, akaja akainama sikioni mwangu.

"Mwanangu, nishaingia?"

"Bado, mama."

"Hicho chekundu chasemaje?"

"Kinasema tusikizime. Tukikizima tutapoteza kila kitu."

"Na wale watoto uliokwisha kuwatuma, watapotea?"

"Hapana. Wale wamefika kwenye tovuti. Hawamo humu."

"Na mimi?"

"Wewe ndiwe hujaandikwa popote."

Akanitazama. "Basi wewe wajua kwamba ni uongo."

Nilitazama daftari langu. Niliona aibu, na bado sikuinuka.

Yeye alizunguka meza, akasema "nipisheni, walimu wangu," akachutama, akachomoa waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Mwalimu mkuu akashusha simu, akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyefanya vile. Walimu wanane na karani wao tukawa tunachungulia vikombe vya chai. Ndiyo, nasema tukawa, mimi nikiwamo.

"Mimi," akasema mpishi, akaurudisha waya mahali pake.

Kompyuta iliwaka. Programu ya mtandao ikauliza kama tunataka kurudishiwa ukurasa wa mwisho, nikakataa. Hapakuwa na chekundu wala king'ora, faili zote zilikuwa salama. Saa kumi na moja kasoro dakika saba jina la mpishi likaingia, tovuti ikajibu kwamba limepokewa, naye akanisimamia mpaka nikamsomea jibu lile mara mbili.

Jumatatu nikaitwa nichape barua ya onyo kwa mpishi, kwa kuharibu kikao na kuhatarisha mali ya shule. Kumbukumbu zilionyesha kwamba mwalimu mkuu alikuwa ameudhibiti mgogoro. Niliichapa bila kosa hata moja. Ningeweza kukataa, nisiseme uongo.

Nikampelekea jikoni pamoja na kidau cha wino, maana mshahara wake alikuwa akiupokea kwa dole gumba. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, midomo ikisogea. Kisha akakisukuma kidau kando, akaniomba kalamu, akaandika majina yake matatu.

"Hapa pa shahidi," akasema akinirudishia kalamu, "weka lako."