Utatusaidia Mwisho

Ofisi yetu ya Mbeya ina meza moja kubwa, na Jumatatu asubuhi kompyuta huwekwa katikati yake ili wenzetu wa Iringa watuone na sisi tuwaone. Kazi yetu ni mbegu za viazi: tunawatembelea wakulima wanaozizalisha, tunakagua mashamba, kisha Jumatatu kila mtu anaeleza alichokikuta. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza kikao. Mzee wetu wa mbegu alikuwa anakaa kiti kilicho karibu kabisa na kompyuta, kiti ambacho hakuna aliyewahi kumgawia wala kumnyang'anya.

Huyu mzee alikuwa anaijua kazi kuliko sisi wote, na alikuwa anakata watu kauli. Hakuwa na ubaya. Ukianza kusema "shamba la bondeni lina...", yeye ameshajua lina nini, ameshaanza kukupa dawa yake, na wewe unabaki umeshika sentensi yako mkononi. Sisi tuliokuwa naye chumbani tulizoea, tulikuwa tunacheka na kusubiri. Iringa hawakuwa na bahati hiyo. Watu wawili wakiongea kwa pamoja mtandaoni, mtambo unaibeba sauti yenye nguvu na kuimeza nyingine. Yenye nguvu ilikuwa ya kwake daima.

Kule Iringa kulikuwa na binti mpya, mpole, mwenye kuongea kwa vituo. Akitua kuvuta pumzi, mzee alidhani amemaliza. Jumatatu moja binti alianza kueleza kuhusu shamba la Kilolo, mzee akaingia na habari za mvua. Akaanza upya, mzee akaingia tena. Mara ya tatu nilimwona kwenye kioo akifunga mdomo na kuangalia chini. Baada ya kikao aliniandikia: "Dada, naomba kuanzia wiki ijayo niwe natuma ripoti ya maandishi tu. Kuongea hapana."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa naongea kwanza, nafikiri baadaye. Safari hii nilijizuia. Kumsema mzee mbele ya kikao ingekuwa kumvua nguo. Kumwita pembeni nako, mimi niliye na umri wa mwanawe, tungebaki tunaangaliana viatu. Simu ingemlazimisha anijibu papo hapo, akiwa bado anaumia. Nikaona nimwandikie, ili kama ni kukasirika akasirike peke yake, na akitulia ajibu anavyotaka.

Niliandika nikafuta. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "kila siku unakata watu", nikaona hilo ni shitaka, si ujumbe. Nikabakiza lile nililoliona kwa macho yangu. Kesho yake baada ya chakula cha mchana, nilipohakikisha kwamba juu ya ujumbe ni jina lake na si kundi la ofisi, nilituma:

"Shikamoo Mzee wangu. Nina jambo dogo, nakuandikia wewe peke yako. Jana mwenzetu wa Iringa alipokuwa anaeleza shamba la Kilolo, ulianza kumjibu kabla hajamaliza, akaanza upya mara mbili, mwisho akanyamaza. Najua ulitaka kumsaidia. Ila tukiongea wawili kwa pamoja sauti yake inapotea, na mpaka sasa hatujajua alitaka kusema nini. Naomba Jumatatu tumwache amalize, halafu wewe utatusaidia mwisho. Uzoefu wako tunauhitaji. Kama nimeona vibaya, niambie."

Alama za kusomwa zilitokea mara moja. Jibu halikutokea. Alasiri yote nilijifanya nina kazi upande ule wa korido usiopita mlangoni kwake. Jioni ndipo lilipokuja: "Marahaba mama. Hukuona vibaya. Nashukuru hukunisema mbele za watu."

Nikamwandikia binti ajaribu kuongea Jumatatu moja tu, bila kumwambia sababu. Siku hiyo mzee aliingia, akasalimia, akakaa kiti cha dirishani. Hakuna aliyeuliza. Binti alipotua, niliona mabega ya mzee yakiinuka, kisha yakashuka. Alikuwa ameubana mdomo kwa ngumi. Ndipo tukasikia habari kamili: Kilolo mimea inanyauka mchana ikiwa bado ya kijani, na udongo una unyevu wa kutosha. Tukaamua palepale viazi vya shamba lile visitolewe kama mbegu mpaka vipimo vya maabara virudi. Nilifurahi sana. Nikamshukuru binti, nikafunga kikao, nikaenda kunywa chai.

Sikumpa mzee nafasi. Sikukusudia, nilisahau tu. Jumatatu iliyofuata nikasahau tena, na kwa kuwa hakuna kilichoharibika, kusahau kukawa ndio utaratibu. Vikao vikawa vifupi, vitamu, watu wakanipongeza. Mzee alikuwa anakusanya karatasi zake pale dirishani na kututakia kazi njema. Nilimwona akitoka hivyo wiki baada ya wiki, na nilichojiambia, naona haya kukiandika, ni kwamba ujumbe wangu ulifanya kazi vizuri.

Muda wake wa kustaafu ulifika kipindi cha baridi. Kwenye kumuaga tulimwomba aseme neno. Nilitegemea hotuba ya kutumaliza. Alisema anashukuru, anakwenda Mbalizi kwenye shamba lake, basi, akakaa. Watu wakacheka kwamba mzee siku hizi amekuwa bubu. Nami nilicheka.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Iringa kikazi. Binti alinipokea kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, kwa furaha kabisa, akanipeleka kwenye mabanda ya mbegu, na njiani akaanza kumuulizia mzee.

"Tangu astaafu amepunguza kunipigia," alisema. "Zamani kila Jumatatu, kikao kikiisha tu, simu inalia."

"Alikuwa anakupigia?"

"Ee! Wewe si unajua, dada? Anaanza, 'Mwanangu, naweza kukuongezea kitu kidogo?' Mpaka nimruhusu. Ile Kilolo yeye ndiye aliniambia nikate shina, nilining'inize kwenye glasi ya maji safi. Likatoa nyuzi nyeupe kama maziwa. Nikajua ni mnyauko wa bakteria kabla hata maabara haijajibu. Nami nikitua kidogo yeye ananyamaza, mpaka nahisi simu imekatika."

Nilimuuliza kwa nini mzee hakuyasema hayo kikaoni.

"Nilimuuliza," alijibu. "Akasema dada yenu ana mambo mengi, kila akitaka kusema anakuta muda umeisha."

Muda haukuwa umeisha. Vikao vile vilikuwa vinamalizika chai ikiwa bado ya moto. Mimi nilikuwa nimejisifu moyoni kwamba nimemsitiri mzee wa watu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananisitiri, tena kwa binti yuleyule. Nilishindwa hata kuziangalia zile mbegu. Roho iliniuma.

Nilipofika nyumba ya wageni nilifungua ujumbe wetu wa zamani, nikasoma nilichoandika kwa mkono wangu: "halafu wewe utatusaidia mwisho". Chini yake nikaandika:

"Shikamoo Mzee wangu. Nina jambo dogo, nakuandikia wewe peke yako. Nilikuomba umwache mwenzako amalize, nikakuahidi nafasi mwishoni. Ukatimiza, mimi sikutimiza hata Jumatatu moja. Nisamehe."

Safari hii hakunichelewesha.

"Marahaba mama. Usijisumbue. Muda ulikuwa umeisha."