Pasi ya Makaa Juu ya Kompyuta

Binti yangu alikuwa anamaliza kazi yake ya mwisho ya chuo, na kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta yetu ya kubeba, si kwingine. Kesho yake asubuhi alitakiwa kuipeleka imechapwa. Ndipo kile kibao cha kutelezeshea vidole, chini ya herufi, kikagoma. Ukikibonyeza, hakilii tak. Kilikuwa kigumu, kimeinuka, na ganda limefunguka ufa pembeni. Mtoto alilia, nami nikakasirika bila kujua namkasirikia nani.

Tukamwita shemeji, mdogo wa mume wangu, anayetengeneza simu katika soko la mtaa wetu uitwao Kenya. Akasema kibao kimekufa, ila kwanza ganda lirudi mahali pake. Akaifunga kompyuta, akachukua pasi yetu ya makaa, ile ya chuma, ikiwa baridi, akaitua juu yake. Kwetu pasi hiyo hunyoosha kila kitu, mpaka noti zilizokunjamana. Kwa nini ishindwe na kompyuta?

Nikaona kompyuta inayumba chini ya pasi. Siku zote ilipokuwa ikiyumba mezani nilikuwa nailaumu meza, nachomeka karatasi chini ya mguu wake, maskini. Nikaitoa pasi, nikaiweka kompyuta sakafuni, kwenye simenti. Ikayumba vilevile. Kumbe ni tumbo lake! Kibao hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kinasukumwa kutoka chini, kama unga wa mandazi unavyoinua kifuniko, kikakosa nafasi ya kushuka. Na chini yake pale kuna batri, ambayo inashinda kwenye chaja kwa sababu tunaogopa umeme kukatika.

"Shemeji, peleka ile pasi mbali," nikamwambia. "Batri ndiyo iliyovimba. Ukiikandamiza, itatuchomea nyumba."

Akacheka, akaniita ingénieur, yaani mhandisi. Nikamjibu acheke huku anafungua. Tukaizima, tukachomoa chaja, tukatoka nayo uani. Alipotoa kifuniko cha chini, kicheko kikaisha: batri ilikuwa imetuna kama kimto. Akachomoa waya wake, akafungua skrubu zake, akaitoa polepole bila kuipinda wala kuitoboa. Tukaiweka kwenye ndoo ya mchanga, mbali na mlango.

Akafunga kifuniko, sasa kikakaa sawa bila kubembelezwa. Tukachomeka chaja, kompyuta ikawaka bila batri. Binti yangu akaweka kidole.

Tak.

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Bila batri, umeme ukikatika kila kitu kinazima, kwa hiyo nilimwamuru binti anakili kazi yake kwenye flashi kabla hata ya kunikumbatia. Jioni ile ile tuliichapa, ukurasa kwa ukurasa. Shemeji mwenyewe aliibeba bahasha yenye kazi hiyo, anajigamba barabarani kwamba familia yetu ina mafundi wawili.

Siku ya kuitetea kazi yake, nililinyoosha gauni la binti yangu kwa pasi ile ile. Ilikuwa imerudi kwenye kazi yake.