Upande Aliotaka Kulalia Yaya

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anauza mikate ya kukaanga karibu na soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mwezi wa sita alianza kukohoa, na sisi wote nyumbani tulisema ni baridi. Baada ya siku tatu makohozi yalikuwa na rangi ya kutu, na alikuwa akishika ubavu wa kuume kila anapovuta pumzi. Kituo cha afya cha kambi kikamweka ndani ya gari la wagonjwa, nami nikapanda pamoja naye hadi hospitali moja ya Lilongwe. Hapa Malawi mgonjwa hulazwa na mtu wake wa kumwangalia. Wanamwita gadiani. Gadiani ndiye anayemwosha mgonjwa, anayempikia nsima, ugali wa huku, anayemgeuza kitandani. Nilikuwa gadiani wa yaya kwa siku kumi na moja.

Nataka kuandika jambo nililolifanya siku za kwanza, na nitajaribu kuliandika bila kulipunguza wala kuliongeza. Shule yangu iliishia darasa la sita huko Fizi, Kongo, kwa hiyo mambo ya mapafu ninayasema kama nilivyoelezwa.

Picha ilionyesha kwamba pafu lake la kuume limejaa maji ya ugonjwa karibu nusu nzima. Pafu la kushoto lilikuwa safi. Walimwekea mpira wa oksijeni puani, na kidude kidoleni kinachosema kwa namba damu ina oksijeni kiasi gani. Mashine ilikuwa moja kwa vitanda viwili: lita tano zilikwenda kwa yaya, lita mbili kwa bibi mmoja wa mtaa wa Mchesi ambaye mapafu yake yalichakaa kwa moshi wa kupikia wa miaka mingi. Binti wa bibi huyo alikuwa gadiani kama mimi. Tulisaidiana sabuni, na Kichewa changu kibovu kilimfurahisha.

Muuguzi alimlaza yaya upande wa kushoto, akaniambia asitoke hapo. Alisema kwa Kichewa, na mimi nilifahamu. Naliandika hili ili mtu asidhani wauguzi hawakusema.

Lakini yaya alilalamika. Kila pumzi ilimchoma kwa sababu ubavu mgonjwa ulikuwa juu na ulikuwa unatembea.

“Nigeuze, mudogo wangu,” alisema kwa Kiswahili chetu cha Fizi, ambacho ‘ndio’ yake ni ‘njo’. “Nilalie huu unaouma. Ukikandamizwa njo unatulia.”

Hata kwetu, mgonjwa wa ubavu hulazwa juu ya ubavu unaouma. Mama yetu alifanya hivyo, na wamama wa kanisa waliokuja kumwombea yaya kambini walifanya hivyo pia. Wanasema upande mzima ubaki juu, upate hewa. Kwangu ilikuwa akili ya kawaida. Muuguzi alipokwenda vitanda vya mbali nikamgeuza. Akatulia kweli, akalala. Nilijiona nimemfanyia mema. Wauguzi walipokaribia nilimrudisha kushoto. Mara nyingine niliwahi, mara nyingine hapana.

Kulikuwa na mwanafunzi wa utabibu kwenye wodi ile, binti aliyekulia Dzaleka, nyumba ya tatu kutoka kanisani kwetu, wazazi wake watu wa Uvira, Kongo kama sisi. Ndiye aliyetutafsiria. Mchana alikuwa anakaa nami kwenye benchi la nje na vikaratasi vyake vya mtihani: swali mbele, jibu nyuma. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika karatasi na kumsomea.

“Mama, unasoma Kingereza kama Kifaransa,” alicheka. “Hata mwalimu mwenye swali hawezi kulifahamu.”

“Basi soma mwenyewe, uone kama utapata jibu.”

Hakulipata. Siku ile swali lilikuwa hili: mgonjwa ana oksijeni ndogo katika damu, anapewa oksijeni safi kabisa, na oksijeni ya damu inapanda kidogo sana. Sababu ni nini? Alichagua jibu walilomfundisha kuliita nafasi mfu. Karatasi nyuma ilisema hapana, ni damu inayopita kando. Alifunika uso kwa mikono.

“Asubuhi nilijibu vilevile mbele ya tabibu mkubwa,” alisema. “Akaniuliza kama nilisoma au nililala. Nachanganya hivi vitu kila mara.”

Nilimwambia anieleze mimi, mtu asiyejua, labda na yeye atasikia. Akaanza na maneno ya kitabu, nikapotea. Akaanza tena na pompi za maji za kambi. Mfano wa pompi ulikuwa wake. Mimi niliongeza bidoni tu, yale madumu ya kutekea.

Pafu ni pompi nyingi, alisema, na damu ni wamama wanaopita na bidoni. Hewa ni maji. Mambo yakienda vizuri, penye maji mengi panakuja wamama wengi. Sasa chukua pompi inayotoa maji kidogo, lakini foleni ni ndefu. Bidoni zinaondoka nusu. Hiyo ni hewa na damu kutolingana. Ukiongeza oksijeni, hata pompi ile dhaifu inajaza. “Bibi wa Mchesi yuko hivyo,” alisema. “Lita mbili tu, na namba yake inasimama vizuri.”

“Na ile uliyokosea?”

“Nafasi mfu ni pompi inayomwaga maji na hakuna mama hata mmoja anayefika. Kama vile damu imeganda na kuziba njia. Hewa inaingia na kutoka bure. Na wale wamama wanarundikana kwenye pompi nyingine, hizo zinaelemewa, ndipo bidoni zinatoka nusu.”

“Na hii ya kupita kando?”

“Pompi imekauka kabisa, na wamama bado wanaipitia. Wanarudi na bidoni tupu, wanakwenda kuchanganya na za wenzao.”

Nikamuuliza kwa nini basi oksijeni isisaidie, kwa kuwa pompi nyingine ni nzima. Nilidhani nimeuliza ujinga. Aliitazama karatasi.

“Bidoni za pompi nzima zimekwisha kujaa,” alisema polepole. “Ukizidisha maji pale yanamwagika tu. Zile tupu hazipiti pale. Aa, mama. Njo ile.”

Akaandika upesi nyuma ya karatasi. Kisha akaongeza, kama mtu anayemalizia somo, kwamba damu hufuata uzito: mtu akilala ubavu, pafu la chini ndilo linalopata damu nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu mzima mwenye pafu moja gonjwa, lile zuri likae chini.

Nilikuwa nimemwacha yaya ndani, amelalia kuume. Nilikuwa ninawatuma wamama kwenye pompi kavu kwa mikono yangu mwenyewe. Niliingia, nikamgeuza kushoto, akalia, na baada ya kitambo nikamgeuza tena kuume kwa sababu sikuweza kuvumilia kile kilio. Nilijiambia labda sikufahamu vizuri. Nilijiambia mimi ni nani wa kufuata maneno ya karatasi. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa. Kama wangejua nimevunja agizo, wangenitoa wodini, na wangesema wakimbizi hawasikii. Hakuna mtu aliyewahi kunitisha hivyo. Ni woga wangu tu.

Asubuhi iliyofuata tabibu mkubwa alifika wakati yaya amelalia kuume, sikuwahi. Kidude cha kidoleni kilisema themanini na tatu. Alikunja uso. Alisoma karatasi ya kitandani: saa fulani tisini, saa nyingine themanini na nne, bila mpango. Akasema pengine mpira umevuja. Wakaukagua, ulikuwa mzima. Basi akaamuru yaya apewe lita sita, na bibi wa Mchesi apunguziwe hadi moja, kwa muda, waone.

Kwa haki, sijui angefanya nini kingine. Mashine ilikuwa hiyo moja, na yaya ndiye aliyekuwa na namba mbaya.

Tukasimama tukitazama. Namba ya yaya ilipanda hadi themanini na nne, ikakaa hapo. Ya bibi ilianza kushuka: themanini na nane, themanini na sita, themanini na tatu. Midomo yake ikawa na rangi ya majivu. Binti yake hakuelewa kilichofanyika. Alinitazama mimi, akanishika kiwiko, akaniuliza kwa Kichewa kama mama yake anakufa.

Hapo nikasema. Nilimwambia mwanafunzi, kwa Kiswahili, haraka, kabla sijabadili mawazo.

“Mpira hauna kosa. Mi njo niko namugeuza. Kila mukienda namulaza upande wa ugonjwa, sababu analia. Jana ulinieleza na nikarudia tena.”

Alinitazama bila kufumba macho. “Jana? Mama.”

“Ee. Mwambie mukubwa wako.”

Akamwambia. Tabibu mkubwa hakunigombeza. Aliuliza swali moja: kwa nini? Nilipojibu kwamba ni maumivu, alimgeukia muuguzi akauliza dawa ya maumivu ilitolewa lini mara ya mwisho, na kumbe ilikuwa imechelewa. Hilo nalo naliandika, lakini si la kunisafisha. Wakampa dawa. Bibi akarudishiwa lita zake mbili. Kisha mwanafunzi akashika mabega ya yaya, mimi nikashika nyonga, tukamlaza kushoto.

“Kwa oksijeni ileile ya mwanzo,” tabibu alimwambia mwanafunzi. “Sasa nieleze tunangoja nini, na kwa nini.”

Alieleza kwa Kiingereza. Sikufahamu maneno, lakini nilisikia kwamba hakusitasita.

Yaya hakujali mtihani wa mtu. Alinishika mkono kwa kucha. “Unanitesa,” aliniambia. “We mutoto niliyekubeba mugongoni kutoka Fizi, leo unanitesa mbele ya batu.”

“Niko nakutesa, yaya. Baki hapo.”

“Nitamwambia mama yetu mbinguni.”

“Utamwambia, lakini si leo.”

Dawa ya maumivu ilichukua muda. Namba ilipanda moja moja: themanini na saba, themanini na tisa, tisini na moja. Bibi alirudi tisini, na binti yake akaniambia zikomo, yaani asante, ambayo sikustahili, na sikuwa na Kichewa cha kutosha kumwambia sababu. Nilimwambia baadaye kupitia kwa mwanafunzi. Alinyamaza siku nzima. Kesho yake aliniazima tena sabuni, na mimi sikuuliza alikuwa amefikiri nini.

Siku nne nilikaa upande ule wa kitanda nikimzuia yaya kugeuka. Sindano alizochomwa tangu mwanzo zilikuwa zinafanya kazi yake. Homa ilishuka siku ya tano. Siwezi kusema kwamba kulala kushoto kulimponya, na mwanafunzi alinionya nisiseme hivyo: kulala vile kulimshikilia tu, dawa zipate muda wa kulikausha pafu. Wala siwezi kusema siku zile mbili za mwanzo nilimpunguzia kiasi gani. Nimejiuliza mara nyingi. Nilimuuliza tabibu mkubwa pia, siku alipokuwa na nafasi, naye akasema hajui, na nilimheshimu kwa jibu hilo.

Siku ya tisa walimtoa mpira puani. Alikula nsima nusu sahani, akalalamika kuhusu chumvi. Kisha, bila kuomba ruhusa ya mtu, akajigeuza kuume akafumba macho. Nilinyanyuka kumrudisha. Mwanafunzi, aliyekuwa anapita, alichomeka kidude kwenye kidole cha yaya, tukangoja pamoja. Tisini na nne.

“Muache,” alisema. “Pompi imerudisha maji.”

Nilikaa. Niliendelea kutazama ile namba hadi alipokiondoa kidude akakipeleka kwa mgonjwa mwingine, na baada ya hapo nikawa natazama mgongo wa yaya ukipanda na kushuka.