Dakika Tano za Kunyamaza

Mashine ya presha niliipokea stendi, imefungwa kwenye boksi la viatu, imesafiri kwa basi kutoka Mwanza. Mwanangu aliweka na kikaratasi: "Mama, pima kila siku, andika." Basi. Namna ya kupima, saa ya kupima, hakuna. Huyo ndiye mwanangu wa pekee, mtu wa maneno machache, sijui aliyatoa wapi, maana baba yake alikuwa mwongeaji na mimi ndiyo usiseme.

Baba yake alikuwa ameanguka kwenye kibanja chetu hapa Nyakakika, akikata majani makavu ya migomba. Kiharusi. Tulimzika nyuma ya nyumba, pale mibuni inapoanzia, na tangu siku hiyo mwanangu akawa ananitazama kama chungu chenye ufa. Akaniambia wazi: "Mama, presha yako ikipanda nakuja kukuchukua. Sitakuzika na wewe kwa uzembe." Mimi nikamjibu kwamba Mwanza nilishakaa wiki mbili nikaona. Nyumba ya kupanga, ukuta mbele, ukuta nyuma, ndizi za kununua! Mtu aliyezaliwa kwenye migomba anunue ndizi? Nilisema sihami, na nilimaanisha.

Lakini niliogopa. Usiku nilikuwa nasikia moyo wangu mwenyewe kwenye mto, nikijiuliza kama mume wangu naye aliusikia hivyo.

Nilikuwa napima jioni, kwa sababu jioni ndipo jirani yangu anapopita. Ni mama ambaye wazazi wake walitoka Burundi, anapalilia mashamba ya watu, na akirudi hupita kwangu kunywa maji. Mkanda wa mashine ulikuwa unanishinda kwa mkono mmoja, basi yeye ndiye alikuwa ananifunga. Nampa kahawa ya kutafuna, punje kavu za mibuni yetu, maana kwetu mgeni hakai mikono mitupu, na mimi natafuna naye. Tunaanza umbea. Nani kauza shamba, kwaya imekosana na nani. Katikati ya maneno mashine inakoroma mkononi, juu ya sweta, kwa kuwa baridi ya kwetu jioni si ya kuvua sweta. Namba zikitokea naandika nyuma ya kalenda ya zamani ya kanisa. Asubuhi nikijisikia vibaya najilazimisha kufunga mwenyewe, naandika na hizo. Ndiyo maana kalenda yangu ilikuwa inapanda na kushuka: 168 kwa 97, 171 kwa 99, halafu 142 kwa 88, halafu 165 tena.

Siku moja nikaipiga picha ile kalenda ili nimtumie binti wa kaka yangu, ambaye ni nesi kwenye zahanati moja huko Kimuli. Nikaandika: "Hii ni kawaida?" Nikabonyeza. Loo! Kumbe nimetuma kwenye kundi la ukoo mzima.

Weee! Kabla sijaweka simu chini, dawa zilianza kumiminika. Shemeji wa Bukoba akasema vitunguu saumu, vibichi. Mwingine akasema maji ya ndimu asubuhi. Mwingine alituma mikono ya kuomba, mingi, kama nimeshafariki. Kaka yangu akauliza kama nimetubu. Na mwanangu, mtu wa maneno machache, akaandika mawili tu: "Nakuja, mama."

Alinipigia baadaye akaniambia atakuja mwisho wa mwezi unaofuata, akipata ruhusa kazini, na nifungashe. Nikasema la kuvunda halina ubani, nimeshauzwa.

Binti wa kaka hakuandika kitu kwenye kundi. Alinipigia pembeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Niambie, nakufa?"

Akacheka. "Shangazi, mimi sikupimi kwa simu, na ugonjwa wa mtu hausomwi kwenye picha. Kuna daktari kituo cha afya, huyo ndiye wa kukuambia una nini. Mimi naweza kukusaidia kusoma karatasi yako tu. Kwanza, kichwa kinakuuma? Kifua? Mkono au mguu umelegea, mdomo umekwenda upande, macho yana ukungu?"

"Hapana. Kinachoniuma ni mwanangu."

"Sawa. Ila ukiona mojawapo ya hayo, au namba ya juu ikafika 180, au ya chini 120, na ukirudia kwa utulivu ikabaki hapo hapo, usipige picha. Nenda kituoni saa hiyo hiyo."

Akanieleza kwamba namba ya juu ni nguvu ya damu moyo ukisukuma, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo ukipumzika kabla ya kusukuma tena. Hazikai mahali pamoja. Mtu akipanda kilima zinapanda, akilala zinashuka, akikasirika ndiyo hivyo tena. Kwa hiyo namba moja haisemi kitu kikubwa. Kinachosema ni mwendo wa nyingi, zikiwa zimepimwa kwa namna ile ile na saa zile zile. Kisha akaanza kuniuliza maswali kama hakimu. Unapima saa ngapi? Umekaa wapi? Mkono uko wapi? Unatafuna kahawa? Juu ya sweta? Unaongea?

"Sasa nikae na mgeni ninyamaze kama jiwe?"

"Shangazi, hapo ndipo penyewe. Zako za jioni zote umepima ukiwa na watu. Maneno yanapandisha, kahawa inapandisha, hata mkojo ukikubana inapanda, na sweta linaharibu kipimo. Sisemi kwamba huna presha. Nasema karatasi hii haiwezi kutuambia."

Akanipa masharti. Asubuhi nikishatoka chooni, kabla ya chai, na jioni kabla ya chakula. Nusu saa kabla nisiguse kahawa. Niketi kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono mtupu juu ya meza, mkanda usawa wa moyo. Nikae hivyo dakika tano bila kusema na mtu. Nipime, ningoje dakika moja, nipime tena, niandike zote mbili, hata zikiniudhi. Nifanye hivyo wiki nzima, kisha nipeleke kalenda na mashine kituoni. Mkanda akanifundisha kuuvaa kama bangili, niuvute kwa mkono mwingine.

Kwa hiyo ilinibidi nimwambie jirani yangu asipite jioni hadi nimalize. Alinielewa, lakini mama wa watu ana aibu. Akaona nimemchoka, akawa anapita njia ya chini moja kwa moja kwake. Nilikuwa namwona kichwa chake na jembe juu ya majani ya maharage, anaondoka.

Dakika tano! Nyie mnaozisikia mnadhani ni kidogo. Mimi naishi peke yangu, lakini sikuwahi kukaa kimya. Nasema na kuku, nagombana na redio, namtukana mbuzi wa jirani. Mume wangu namweleza habari nikipita kaburini. Sasa kukaa kwenye kiti, mikono mezani, mbele kiti chake kitupu, na kuambiwa usiseme lolote kwa sababu maneno yataharibu namba! Wanasema kimya kingi kina mshindo. Mimi mshindo niliusikia siku ya kwanza tu, nikalia, nikampigia binti wa kaka, naye akanikataza kupima nikilia. Nikafuta machozi, nikaanza dakika tano upya.

Lakini namba zilitulia. Hazikwenda 170 tena. Zilikaa 140 na kitu, asubuhi na jioni, zinafanana kama mapacha. Nikapiga picha, safari hii nikaangalia mara mbili ninamtumia nani. "Hii ni kawaida?"

"Sasa karatasi inasema," akajibu kwa ujumbe wa sauti. "Ila haisemi ulichotaka. Kwa vipimo vya nyumbani huwa wanaangalia kama wastani unapita 135 kwa 85, na wako umepita kidogo, kila siku. Maana yake nini kwako, hilo ni la daktari. Nenda, shangazi. Usiogope, lakini nenda."

Nilikwenda. Daktari alipima kwa mashine yake, akapima kwa yangu, zikakaribiana. Akaisoma kalenda mbele na nyuma, akaniuliza mengi, akanipa vidonge na tarehe ya kurudi. Nikapunguza chumvi kwenye maharage, yakawa hayana hata maana. Nikaendelea kukaa kimya asubuhi na jioni, na namba zikaanza kushuka taratibu, 138, 134, 131.

Mwisho wa mwezi ule aliosema, mwanangu akafika. Mchana. Nilisikia pikipiki, nikatoka na unga mikononi. Amekonda! Nilimkumbatia, nikamgombeza, nikamtafunisha kahawa na mimi nikatafuna, nikamweleza habari za miezi yote kwa pumzi moja. Jirani yangu naye aliposikia kelele akaja, akakaa, tukacheka hadi mbavu zikauma. Katikati ya hayo mwanangu akachukua mashine akanifunga mkanda. Mimi naendelea kusema.

174 kwa 98.

Akaiandika kwenye kalenda, uso umembadilika. "Mama, twende. Kesho hiyo hiyo. Mimi siwezi."

Nikampigia binti wa kaka, nikaweka sauti kubwa. Akamwuliza mwanangu: "Alikuwa anaongea?" Akaitikia. "Ametafuna kahawa?" Akaitazama sahani ya kahawa. "Hiyo ni namba moja, kaka, tena ya mtu aliyefikiwa na mwanawe. Nusu saa ikipita, tokeni wote nje, mwacheni akae dakika tano, kisha mpime. Halafu usome kalenda yote, usisome mstari mmoja."

Walitoka. Nikawasikia wakiongea uani. Nikakaa miguu chini, mkono mezani. 132 kwa 80. Mwanangu akarudi, akaichukua kalenda, akaisoma taratibu kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata kila mstari, kama alivyokuwa anasoma akiwa darasa la kwanza. Mwishowe akaikunja.

"Basi, mama. Baki. Umenishinda."

Nilipiga kigelegele. Tukala ndizi na maharage yasiyo na chumvi, akala zote. Lakini nitasema ukweli: nilipokuwa naosha vyombo nilisikiliza kama atasema "twende" mara moja zaidi. Nilikuwa nimeshaandaa jibu. Hakusema.

Asubuhi pikipiki ikaja kumchukua. Nilisimama barabarani hadi vumbi likatua, nikarudi ndani. Nikaenda chooni, nikarudi nikaketi mezani, nikavaa mkanda kama bangili. Nikakaa dakika tano. Sikuwa na haja ya kumfukuza mtu.

126 kwa 78. Nikapiga picha, nikatuma Kimuli. "Hii ni kawaida?"

"Hii ni nzuri, shangazi! Nzuri kuliko zote tangu uanze! Ile 174 ya jana iwekee alama, usiihesabu, haikupimwa sawasawa."

Nikachukua kalamu. Nikaitazama ile 174 kwa 98, mwandiko wa mwanangu, tarakimu zake zinazolala upande. Sikuiwekea alama. Niliweka kalamu chini, nikatoka kwenda kumwita jirani yangu.