Wino Mwekundu wa Wifi Cornelia

Wifi yangu Cornelia, mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu Adolfu, aliingia kazi ya ualimu mwaka 1977 kwa dhamana yangu. Serikali ilikuwa inatafuta vijana waliomaliza darasa la saba wafundishe huku wakijifunza kazi, kwa sababu watoto wote walitakiwa wawe shuleni na walimu hawakutosha. Kwenye mkutano wa kijiji chetu, upande wa Mollo, wengine walisema Cornelia ni mpole mno, anaongea kama mtu anayeungama kwa padre. Nilisimama mimi.

"Huyu amefundishwa na Mwalimu Adolfu mwenyewe," nilisema. "Nani hapa anayejua kusoma ambaye hakupita mikononi mwa Mwalimu Adolfu?"

Wakampitisha. Mume wangu alikuwa mwalimu wa kwanza wa watu wale, tangu kabla hatujahamia kijiji cha ujamaa. Alipofariki aliniachia watoto, ng'ombe wawili, sanduku la madaftari yake, na jina. Hilo jina ndilo nililompa Cornelia siku ile.

Tuliishi naye nyumba moja. Aliamka kabla ya jogoo, akasaga ulezi huku akiimba nyimbo za kanisani, kisha akaondoka na baridi ile ya Ufipa, chaki zake amezifunga kwenye pindo la kanga zisishike unyevu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na mimi nilisoma kwa masista miaka minane. Darasa lake lilikuwa la tano, watoto arobaini na watatu, na somo lake Kiingereza.

Mwaka wa pili, wiki moja kabla ya mkaguzi wa shule kuja kuwapima walimu hawa wapya, Suma, binti wa bwana shamba aliyetoka Mbeya, alikuja kuomba moto. Alikuwa na daftari kwapani. Nikaliomba nilitazame, nikitaka tu kuona mwandiko.

Nilisoma hivi: "The childs are in the shamba. Many peoples came. My mother buyed salt. Our teacher teached us." Watoto wako shambani, watu wengi walikuja, mama yangu alinunua chumvi, mwalimu wetu alitufundisha. Pembeni mwa ukurasa, kwa wino mwekundu, alama ya vema. Chini yake herufi C, ile C ya Cornelia yenye mkia.

Nilihisi uso umepata moto. Kiingereza huongeza "s" mwishoni kitu kikiwa zaidi ya kimoja, na huongeza "ed" jambo likiwa limepita. Hilo mtoto yeyote hulishika mapema. Lakini yako maneno yanayokataa. Mtoto mmoja ni "child", wengi ni "children". "People" tayari ni watu wengi, haidai "s". Kununua kuliokwisha ni "bought", kufundisha kuliokwisha ni "taught". Masista walitusimamisha uani kwa makosa haya. Na huyu anayapa vema!

"Suma, mwanangu, hii kazi ilisahihishwa na nani?"

"Mwalimu Cornelia, mama."

"Una hakika si kiranja?"

"Ni mwalimu mwenyewe. Kiranja haruhusiwi kushika kalamu nyekundu."

Siku mbili zilizofuata nilitafuta visingizio. Kwa jirani mmoja nilikwenda kuazima ungo, kwa mwingine kuuliza hali ya mgonjwa, na kila nyumba nilitazama daftari la mtoto. Madaftari manne. Maneno yale yale, vema zile zile. Kwa hiyo halikuwa kosa la mtoto mmoja. Ndivyo walivyofundishwa.

Ningeweza kumwuliza Cornelia. Sikumwuliza. Nilijiambia kwamba mtu akiulizwa hujiandaa, nami nilitaka kumwona akiwa hajajiandaa. Nilimtazama anavyosuka nywele, anavyotenga mboga, na kila alipotabasamu nikaona kama kuna kitu anakificha. Nilianza kukumbuka kwamba cheti chake cha darasa la saba sikuwahi kukishika mkononi.

Jioni, tukila, nikasema kama mtu anayepitisha maneno tu, "Wifi, wale samaki wa Kasanga niliowanunua jana walikuwa na chumvi mno. Hivi kwa Kiingereza ungesemaje, jana nilinunua samaki?"

Aliacha kula. "Yesterday I bought fish."

"Na watoto walikula?"

"The children ate." Akaniangalia. "Wifi, unanipima?"

"Nikupime kwa nini? Nakumbuka shule tu."

"Haya," alisema, akarudi kwenye ugali wake. Lakini hakuimba tena jioni ile.

Sasa shaka yangu ilikua badala ya kupungua. Kumbe anajua! Mtu asiyejua hufundishwa akajua. Huyu anajua "bought", halafu anaweka vema kwenye "buyed". Basi hatazami. Anapiga wino mwekundu kama mtu anayefukuza kuku, na mshahara wa serikali anapokea. Uvivu. Katika nyumba ya Adolfu, uvivu! Na Alhamisi mkaguzi akifungua daftari moja tu, Cornelia ataondolewa kwenye mafunzo, na watu watauliza ni nani aliyesimama mkutanoni.

Asubuhi ya Jumanne nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijalimaliza moyoni. Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu Gaudensi, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Mwalimu, nakuomba umhamishie Cornelia darasa la kwanza, kimya kimya, kabla ya Alhamisi."

"Kwa sababu gani, Mama Eustaki?"

"Kiingereza kinamshinda."

Gaudensi alivua miwani. "Unasema hivyo wewe? Wifi yake?"

"Nasema kwa ajili ya jina la marehemu."

"Siwezi kumhamisha sasa, orodha imekwisha kwenda mjini. Lakini nimekusikia." Na kwa jinsi alivyosema nimekusikia, nilijua maneno yangu hayatabaki katika chumba kile.

Sikuwa na amani. Jumatano nilibeba kikapu cha ulezi wa uji wa shule, nikasimama karibu na dirisha la darasa la tano. Kipindi kilikuwa kimeanza. Upande wa kushoto wa ubao, Cornelia alikuwa ameandika kwa chaki: "The mans goed to Sumbawanga. They catched a bus."

Nusura niingie.

"Nakilini," alisema kwa sauti yake ndogo. Watoto wakanakili. Alipita kati ya madawati na kalamu nyekundu, akiweka vema kwa kila aliyemaliza kunakili. Kisha akarudi mbele, akaelekeza kidole kwenye sentensi zile.

"Haya. Huyu mtu amenidanganya wapi?"

Vidole vikapanda. Swali lile nililijua. Nililisikia miaka kumi na mitatu kupitia ukuta wa nyumba yetu ya zamani, kwa sauti ya mume wangu.

"Si mans, ni men!" alisema mmoja. "Si goed, ni went!" alidakia mwingine. "Kwenye catched amedanganya, mwalimu, ni caught!" Suma alipaza sauti, na darasa zima likacheka, likarudia kwa pamoja, men, went, caught. Kabla Cornelia hajafika upande wa kulia wa ubao, kengele ikalia. Shamba la shule. Watoto walitupa madaftari ndani ya dawati, wakakimbilia majembe, na watoto wa zamu ya pili wakaingia, na mmoja wao akafuta ubao wote.

Nilirudi nyumbani bila kikapu. Nilifungua sanduku la Adolfu. Miaka sita nilikuwa nimelipangusa vumbi kila Jumamosi, nikawaonyesha wageni kwamba haya ni madaftari ya marehemu, na sikuwahi kuyasoma. La kwanza tu nililofungua: ukurasa wa kushoto, mwandiko wa mume wangu, "childs, buyed, teached". Juu yake ameandika, Uongo. Ukurasa wa kulia, "children, bought, taught". Juu yake, Kweli.

Cornelia alikuwa hajabuni kitu. Alifundisha kama alivyofundishwa. Ila wakati wa Adolfu watoto waliandika kwenye vibao vya mawe. Uongo ukishatajwa, mtoto aliulowesha kwa kidole, akaufuta, akaandika kweli mahali pale pale. Daftari halifutiki. Na daftari moja la somo lilitakiwa litoshe muhula mzima, hivyo hapakuwa na nafasi ya kuandika mara mbili, na Mwalimu Mkuu aliagiza kila daftari lipate wino mwekundu kabla ya shamba. Hivyo uongo ulibaki kwenye karatasi na vema yake, na kweli ilibaki mdomoni.

Nilikimbia kwa Gaudensi. Alikuwa amekwenda mjini kumpokea mkaguzi.

Alhamisi, Bwana Mbonile, mkaguzi, hakupitia darasa lolote kabla ya la tano. Alikwenda moja kwa moja, na Gaudensi nyuma yake. Sisi wazazi wa kamati ya shule tulisimama mlangoni. Alifungua daftari la kwanza, la pili, mpaka la tano.

"Mwalimu, nimeambiwa kwamba Kiingereza kinakushinda. Naona sikudanganywa. Teached? Na vema juu yake?"

Cornelia aligeuza macho, akanitazama mimi. Si Gaudensi. Mimi.

"Waulize watoto, bwana mkaguzi," alisema.

Mbonile akaelekeza kidole kwa Suma. "Sema, mwalimu wetu alitufundisha."

"Our teacher taught us."

Akauliza kumi, mmoja mmoja. Children. People. Bought. Hakukosa hata mmoja. Aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti juu.

"Nilidhani nimekuja kufukuza mtu," alisema. "Midomo yao ni safi. Lakini mtoto atarudi kusoma daftari hili kabla ya mtihani, mwalimu, na wewe hutakuwa karibu kumwambia huu ni uongo. Na mzazi anayejua kusoma akiliona, atasema nini?"

"Ameshasema," alijibu Cornelia.

Mbonile alimwacha aendelee na mafunzo, kwa sharti moja: ndani ya wiki mbili, kila uongo katika madaftari yote ukatwe kwa mstari na kweli iandikwe juu yake. Gaudensi akaahidi robo saa zaidi kabla ya kengele ya shamba.

Jumapili baada ya misa Cornelia aliingia na madaftari arobaini na matatu kichwani, yamefungwa kwa kanga. Aliyatua mbele yangu, akaweka kalamu nyekundu juu.

"Wifi, wewe ulisoma kwa masista."

"Cornelia, mimi nilikuwa nalinda jina la kaka yako."

"Kwa kwenda kwa Gaudensi? Nilikuwa nalala chumba cha pili."

Nilivuta daftari la juu. Nilikata "childs", nikaandika "children", nikaweka alama ya vema, na hapo mkono ukasimama, maana nilitaka kuweka herufi yangu chini.

"Weka C," alisema, akiinama kuwasha moto. "Darasa ni langu."

Nikaweka C. Alikuja kukagua kazi yangu mara mbili kabla sijafika daftari la kumi, akishika karatasi karibu na mwanga wa dirisha, akitazama kila neno nililoandika. Sikumlaumu.