Kikapu Kilipokelewa Kikiwa Kizima

Mwandiko wangu ni mzuri, na ndio ulioniponza. Kamati ya makumbusho yetu madogo ilipotafuta mtu wa kushika rejista, walipitisha karatasi, kila mtu akaandika sentensi moja, na mimi nikachaguliwa kabla chai haijapoa. Sikuwa mwenyeji. Mimi ni mtu wa milima ya jirani, niliolewa na fundi wa kiwanda cha majani chai, nikazalia watoto wangu wote huku upande wa Litein. Kupewa kitabu cha wenyeji nikitunze, niliona ni heshima, na nilitembea nacho kwapani wiki nzima bila sababu.

Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili vya kituo cha zamani cha kununulia majani. Kulabu za mizani bado zinaning'inia darini. Mafunzo tulipewa siku mbili na mama mmoja aliyetoka mjini, mkali kama pilipili, naye alitufundisha kwamba kitu kisichoandikwa ni takataka iliyokaa kwenye rafu. Kila kinachoingia hupewa namba, namba hiyo hiyo ikaandikwa kwenye kitambulisho kinachofungwa kwa uzi wa pamba. Halafu safu za rejista: tarehe, maelezo ya kitu, aliyekitoa, kimetolewa au kimeazimwa, hali yake, mahali kilipowekwa. Wino mweusi. Ukikosea hufuti, unapiga mstari mmoja ili cha chini kiendelee kusomeka, unaandika kilicho sahihi, unatia sahihi na tarehe. Na chochote cha mti au cha kusuka hakigusi rafu kabla hakijakaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, juu ya karatasi nyeupe, kwa mwezi mzima. Ukiona unga kwenye karatasi, kuna wadudu wanaokula ndani.

Mtoaji wa namba arobaini na moja alikuwa nyanya mmoja wa kutoka kandokando ya ziwa, aliyekuja huku akiwa msichana kuchuma chai kwenye mashamba makubwa. Alichuma hadi vidole vikakataa kunyooka. Mumewe alikwisha kufa, nyumba za wafanyakazi alikwisha kuhama, alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko. Alileta kikapu cha kuchumia chai, cha mianzi, lakini kidogo, kingeingia kichwa cha mtu na si zaidi. Mumewe alikisuka kwa ajili ya binti yao, ili aache kulia mama yake akiingia shambani. Mtoto alibeba kikapu hicho mgongoni miaka miwili, akijaza majani ya kuokota. Surua ilimchukua kabla hajaanza shule.

"Mtaiweka pamoja na vitu vya wenyewe?" aliniuliza.

"Rafu moja, nyanya."

"Rafu moja," akarudia, na akacheka kidogo akitazama viatu vyake.

Nilikifanyia kila kitu. Nilikikung'uta juu ya karatasi nyeupe, nikakipiga picha, nikakifungia mwezi mzima kwenye mfuko. Hakuna hata chembe. Nikaandika: hali nzuri, hakuna dalili ya wadudu, mahali, rafu ya pili. Nikajaza fomu ya kupokea nakala mbili zenye maneno hayo hayo, yeye akaweka alama ya kidole, mwenyekiti akatia sahihi, moja ya faili letu, moja yake. Hakujua kusoma. Aliikunja mara nne akaifunga kwenye leso. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi alikuja, akasimama mbele ya rafu ya pili kati ya viti vya wazee na vibuyu vya maziwa ya mursik, akaondoka. Wageni wakiwepo aliwaambia, bila kuulizwa, kwamba hiyo ni yake.

Kisha mwenyekiti wa kamati akaleta kiti cha babu yake. Kiti kizuri cha miguu mitatu, kimechongwa gogo moja, kimekaliwa mpaka kikang'aa. Siku ya tatu kutoka hapo tulikuwa na wageni wa kaunti. Nilikigeuza, na chini ya mguu mmoja nikaona vitundu kama vya ncha ya sindano, na unga mweupe ukanibaki kidoleni.

"Mzee, hiki kikae kwenye mfuko kwanza."

"Hiyo ni vumbi ya nyumba tu, mama. Wageni wanakuja Ijumaa. Unataka waone mfuko?"

Ningeweza kukataa. Lakini yeye ndiye aliyesema jina langu wakati wa kuchagua mshika rejista, na mtu wa kuja hasahau jambo kama hilo. Nikaandika ukweli kwenye safu ya hali: unga na matundu chini ya mguu. Halafu kwenye safu ya mahali nikaandika rafu ya pili. Ujinga wangu wote uko kwenye mstari huo mmoja: niliona ugonjwa, nikauandika vizuri, nikaulaza kando ya mtoto wa watu.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Mvua zikaanza, zile zetu za kila alasiri, tukafunga madirisha. Mimi nikaugua kifua, vyumba vikakaa vimefungwa muda mrefu. Nilipofungua, rafu ya pili ilikuwa imetapakaa unga kama mahali watu waliposukumia chapati. Viti vinne vilikuwa na matundu. Mzinga wa nyuki ulibonyea kwa kidole. Nilipokiinua kile kikapu, kishikio kilibaki mkononi mwangu na kikapu kikabaki kwenye rafu.

Waliotoa vitu walitaka kujua. Viti vile vilikuwa vya baba zao na babu zao. Mkutano ukaitishwa, na asubuhi yake mwenyekiti alinikuta peke yangu ofisini. Hakufoka. Angefoka labda ningekasirika, na mimi nikikasirika huwa na ujasiri.

"Mama, kitabu itasomwa leo," alisema. "Ikisema ni kiti ya babu yangu, hawa watu ni ndugu zangu, tutaulizana mpaka kaburini. Na wewe wataniuliza, nani alikuweka hapo. Yule nyanya hana mtu hapa. Hakuna mtu atamuuliza."

Nilichukua kalamu. Kwenye mstari wa kikapu nikapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu, nikaandika juu yake: kilipokelewa kikiwa na wadudu. Nikatia sahihi, na tarehe nikaweka ya ile siku kilipoingia. Kwenye mstari wa kiti nikakata unga na matundu, nikaandika: nzuri. Nakala yetu ya fomu nikaichomoa kwenye faili na kuichana vipande vidogo. Mwandiko ulikuwa mzuri kama kawaida, na hilo linanichukiza hadi leo.

Nilidhani nyanya hatakuja. Alikuja, kwa sababu ilikuwa Alhamisi.

Nilisoma rejista mbele ya watu. Nilipofika namba arobaini na moja, vichwa vikageuka, na nyanya akaangalia huku na huku kuona ni nani anayetazamwa. Mmoja alimweleza polepole kwamba wadudu walitoka kwenye kikapu chake. Alifungua leso, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akanyoosha mkono kuelekea kwangu bila kuiachilia.

"Hata hii karatasi inasema hivyo, binti yangu?"

Ilikuwa mbele ya macho yangu. Hata kupitia kikunjo niliona wino wangu.

"Ndiyo, nyanya," nikasema. "Inasema hivyo."

Aliirudisha kwenye leso. Kisha akasema, "Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimewaletea ugonjwa." Akazunguka chumba kizima akimpa mkono kila aliyepoteza kitu, akiinama. Hakuna aliyeukataa mkono wake, ila mmoja aliupokea kwa ncha za vidole. Mwenyekiti aliupokea kwa mikono miwili.

Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nikajiambia amezeeka, miguu. Mtu anayetaka kujidanganya hakosi sababu. Halafu mwanamke anayeuza ndizi sokoni, jirani yake, akaniuliza kama ni kweli wale wadudu wa makumbusho huingia nyumbani kwa watu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, nyanya anachoma vitu.

Siku hiyo hiyo niliamua. Waongo huambiwa njia yao ni fupi. Yangu ilikuwa imenifikisha mbali vya kutosha. Nilipanga hivi: nitamwambia ukweli, nitamwomba ile nakala, nitaenda nayo kwenye kamati. Neno langu peke yake lisingetosha. Rejista sasa ilikuwa upande wa mwenyekiti, kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini ile fomu ilikuwa na maneno ya kwanza, na alama ya kidole chake, na sahihi ya mwenyekiti chini. Jina la nyanya yule lingesafishwa kwa karatasi moja.

Nilimkuta ameketi sakafuni. Chumba kilikuwa kitupu. Godoro lilikuwa juu ya gunia kwenye saruji, sufuria zimepangwa kando ya ukuta, nguo zimetiwa kwenye beseni. Nje ya mlango palikuwa na duara jeusi la majivu, limelowa mvua.

"Karibu, binti yangu. Sina pa kukukalisha. Nimechoma kiti."

"Na kitanda, nyanya?"

"Hiyo mzee wangu alitengeneza. Lakini kama wadudu walitoka kwangu, si wako hapa bado? Mwenye nyumba ana mbao kwa dari. Nisiharibie na huyu pia."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia yote: kiti, unga, wageni wa kaunti, asubuhi ile na kalamu. Nikamwambia kikapu chake kiliingia kizima na safi, kuliko vyote vilivyokuwa kwenye rafu. Alisikiliza akijikanda vidole. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, nyanya. Nipe ile karatasi niliyokupa. Nitawaonyesha wote."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile sikuistahili.

"Niliichoma na kitanda," alisema. "Si ulisema inasema hivyo."

Nilirudi kwenye rejista hata hivyo. Juu ya mstari wa kikapu nikapiga mstari wa pili, nikaandika ukweli tena, sahihi, na tarehe ya siku hiyo hasa. Nikafanya hivyo kwa kiti. Jioni mwenyekiti alisoma ukurasa ule akiwa amesimama, akaniomba ufunguo wa makumbusho, akauliza ushahidi uko wapi.

Nyanya bado analala sakafuni. Nilimpelekea kitanda cha chuma, akanishukuru, akakiacha nje kwenye kibaraza, eti mpaka kamati iseme si yeye.