Duka la Vifungo Halifungwi

Wateja walimwita Mama Vifungo, kwa kuwa hapakuwa na kifungo, zipu wala uzi uliokosekana dukani kwake. Asubuhi hiyo fundi cherehani mmoja aliingia bila salamu ndefu. "Mama, nipe kabisa zile zipu nilizoagiza. Nasikia unafunga."

"Nani kasema?"

"Watu."

Kabla ya adhuhuri walikuja wengine watatu na maneno yale yale. Muuzaji wa jumla naye akapiga simu: safari hii hakopeshi. Mama Vifungo akamtazama kwa jicho la pembeni jirani yake, muuza viatu. Nani mwingine angependa kuvunja ukuta na kupanua duka? Mzee huyo alipomsalimu, Mama Vifungo alijifanya kutafuta sindano.

Alikaa kwenye stuli akaandika tangazo refu, akitaja wanafiki, wivu na kikulacho kilicho nguoni mwako. Mkwewe, mke wa mwanawe, akalisoma na kutikisa kichwa.

"Mama, ukiandika haya watu watakaa kumtafuta mnafiki. Wanataka kujua jambo moja tu: wakija kesho watakukuta?"

"Kwa hiyo nimeze?"

"Meza hayo. Sema lililo kweli."

Akafuta, akaandika upya:

*Duka la Vifungo halifungwi. Tupo palepale, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Oda zote zitatoka kama tulivyopatana. Mwenye swali aje dukani au anipigie. Mwenye duka.*

Akalibandika mlangoni, akalituma na kwenye kundi la simu la wafanyabiashara wa mtaa. Wa kwanza kujibu alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe: "Hongera shemeji, tupo pamoja!" Mama Vifungo alikunja uso. Tangu mazishi, shemeji huyu hakuwahi kuuliza hata bei ya uzi.

Punde mwenye nyumba akapiga. "Nimesoma tangazo lako. Mbona shemeji yako aliniambia umechoka, unahama, na chumba anakichukua yeye? Fundi wake wa rangi tayari alipita Jumapili kupima kuta kwa nje, mtaa mzima ukimwona!"

Mama Vifungo akasimama kutoka kwenye stuli. "Mpangaji ni mimi. Nikihama, utasikia kwangu."

"Basi nimekuelewa."

Hakumjibu shemeji kwenye kundi. Alimpigia. "Chumba kina mtu. Na ukija, njoo kama mgeni." Akakata kabla hajasikia kiapo.

Kisha akavuka kizingiti hadi kwa muuza viatu. "Hujambo, jirani?"

"Sijambo," mzee akajibu, akipiga kiatu brashi. "Leo naonekana?"

Mama Vifungo akacheka kwa aibu, akaomba radhi. Hata hivyo jioni, alipokuwa akifunga, alimkumbuka shemeji, akazungusha ufunguo mara mbili, na kufuli la pili, jipya, akaliweka juu ya lile la zamani.